WiFi imegota kwenye 54: maswali kuhusu WEP, TKIP na kuhamia AES

Majibu haya yanahusu tatizo moja tu: WiFi iliyo karibu, yenye mawimbi mazuri, lakini haivuki megabiti ishirini na kitu kwa sekunde hata ufanye nini. Chanzo mara nyingi ni neno moja kwenye ukurasa wa usalama wa ruta, na kulibadilisha ni kazi ya dakika tano.

Kebo inanipa 94, WiFi inanipa 22. Ruta imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa. Nikupe kisa cha nyumbani kwa shemeji yangu, maana ndicho kilichonifundisha kuangalia mahali sahihi kabla ya kugusa kitu kingine.

Alikuwa amelipia intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde. Laptopu ikichomekwa kebo, kipimo kilisoma 94, ambacho ni cha kawaida kwa kebo ya namna hiyo. Akichomoa kebo na kukaa mita tatu kutoka kwenye ruta, kipimo kilisoma 21, mara 22, mara 21 tena. Ruta ilikuwa ya kizazi cha 802.11n yenye antena mbili, na laptopu nayo vilevile. Alishahamisha ruta kutoka nyuma ya kabati, akabadilisha chaneli mara tatu, akaipigia simu kampuni ya intaneti, akaambiwa laini iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa.

Mimi nilishtushwa na kule kutotikisika kwa namba. WiFi iliyobanwa na majirani au na ukuta hupanda na kushuka: 60, 35, 48, 19. Hii ya kwake ilikaa palepale asubuhi na usiku. Kitu kinachokaa palepale namna hiyo ni kikomo kilichowekwa. Nikafungua dirisha la amri kwenye laptopu yake yenye Windows, nikaandika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Katika mistari iliyotoka, hii ndiyo iliyokuwa na maana:

```
Radio type             : 802.11g
Authentication         : WPA2-Personal
Cipher                 : TKIP
Receive rate (Mbps)    : 54
Transmit rate (Mbps)   : 54
```

Laptopu ya 802.11n, ruta ya 802.11n, lakini zinazungumza lugha ya 802.11g, ya mwaka 2003. Mstari wa `Cipher`, yaani njia ya kufunga data isisomwe hewani, ndio uliotoa sababu. Tuliingia kwenye ruta, tukakuta imewekwa `WPA2-PSK` na chini yake `TKIP`. Tukabadilisha kuwa `AES`, tukahifadhi, laptopu ikaunganika upya, na amri ileile ikajibu:

```
Radio type             : 802.11n
Authentication         : WPA2-Personal
Cipher                 : CCMP
Receive rate (Mbps)    : 144.4
Transmit rate (Mbps)   : 144.4
```

Kipimo cha intaneti kikapanda hadi 78. Faili la gigabaiti moja, lililokuwa likichukua dakika sita, likashuka chini ya dakika mbili. Ruta ileile, mahali palepale.

Mbona 54 iligeuka kuwa 22?

Namba ya 54 ni kasi ya muunganisho, yaani mwendo ambao redio hutumia wakati inarusha data. Lakini redio hairushi muda wote. Katika mtindo wa zamani, kila pakiti hutumwa peke yake, kisha mtumaji husubiri jibu fupi la kuthibitisha kwamba imefika, halafu husikiliza kama hewa iko tupu ndipo atume nyingine. Vipande hivyo vya kusubiri hula zaidi ya nusu ya muda. Ndiyo maana 54 ya kwenye skrini huzaa 20 hadi 25 kwenye kipimo.

802.11n ilileta njia ya kufunga pakiti nyingi katika mrusho mmoja na kupata uthibitisho mmoja kwa zote. Faida yake kubwa iko hapo, kuliko hata kwenye ile namba kubwa ya kasi. Ukibaki kwenye TKIP unakosa vyote viwili: mwendo mkubwa na ule ufungaji wa pakiti kwa mafungu.

Lakini aina ya ulinzi inahusikaje na kasi? Si ni nenosiri tu?

Nenosiri ni sehemu ndogo. Baada ya nenosiri kukubaliwa, kila pakiti inayopita hewani lazima ifungwe kwa ufunguo na kufunguliwa upande wa pili, na WEP, TKIP na AES ni njia tatu tofauti za kufanya kazi hiyo. Njia ya AES ndani ya WiFi ina jina lake kamili, CCMP, kwa hiyo ukiona `CCMP` kwenye skrini soma AES.

WEP ilikuja na WiFi yenyewe mwaka 1997. Ilitumia mbinu ya kufunga iitwayo RC4, ikachanganya ufunguo wako na namba ya biti 24 inayobadilika kwa kila pakiti. Biti 24 zinatoa namba 16,777,216 tu. Inaonekana nyingi mpaka upige hesabu: mtandao unaopitisha megabiti 22 kwa sekunde hutuma pakiti kubwa kama 1,800 kila sekunde, na kwa mwendo huo namba zote zinaisha ndani ya saa mbili na nusu hivi, zinaanza kujirudia. Kufikia mwaka 2001 watafiti walikuwa wameonyesha jinsi ya kupata ufunguo kwa kusikiliza tu, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, wakaonyesha kwamba ufunguo mrefu wa WEP unaweza kupatikana kwa chini ya dakika moja.

TKIP ilitoka mwaka 2003 pamoja na WPA, makubaliano ya ulinzi yaliyokuja baada ya WEP, na ilikuwa kiraka. Nalitumia neno hilo kwa heshima, kwa sababu kilikuwa kiraka kilichofikiriwa vizuri. Vifaa vingi vilivyokuwa sokoni vilikuwa na chipu zinazojua RC4 tu, hazikuwa na nguvu ya kufanya AES. TKIP iliizungushia RC4 ileile tabaka za tahadhari ili vifaa hivyo viokolewe kwa sasisho la programu bila kutupwa. Mwaka uliofuata, 2004, WPA2 ikaja na AES, na kuanzia mwaka 2006 kila kifaa kipya kilichotaka cheti cha Wi-Fi kililazimika kuijua.

Sasa ndipo kasi inapoingia. Kiwango cha 802.11n kilipokamilishwa mwaka 2009, walioandika waliweka sharti wazi: kasi zake mpya hazitumiki juu ya WEP wala TKIP. Kifaa kikifunga pakiti kwa njia hizo mbili, kinarudi kwenye kasi za kizazi kilichotangulia, ambazo mwisho wake ni 54. Vizazi vilivyofuata, 802.11ac na 802.11ax, vimejengwa juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo ruta yako haichoki wala haizidiwi na TKIP. Inatii kanuni. Hata ukinunua ruta ya bei mara tano, ukiiwekea TKIP itakupa 54 ileile.

Na kama ulikuwa unahofia kwamba AES ni nzito zaidi na itapunguza mwendo, ondoa hofu. Kazi hiyo hufanywa na chipu ya WiFi yenyewe, imejengwa ndani yake.

Ruta yangu inaandika WPA2. Basi niko salama, sivyo?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na shemeji yangu alikosea hapahapa. WPA2 ni jina la makubaliano ya jumla. Ndani yake ruta nyingi zinakuacha uchague njia ya kufunga, na TKIP imo kwenye orodha. `WPA2-PSK` yenye `TKIP` inawezekana kabisa, na itakubana kwenye 54 kama WPA ya kwanza. Usisome neno la kwanza peke yake. Soma la pili: TKIP au AES.

Nitajuaje kifaa changu kinatumia nini sasa hivi?

Kwenye Windows, ile amri ya juu inatosha. Windows 11 za karibuni zinaweza kukudai kwanza ruhusa ya mahali; iwashe kwenye mipangilio ya faragha kisha urudie.

Kwenye Mac, bonyeza kitufe cha Option ukishikilia, halafu bofya alama ya WiFi juu ya skrini. Utaona aina ya usalama, `PHY Mode`, yaani kizazi cha WiFi, na `Tx Rate`, yaani kasi ya muunganisho. Ukiona `802.11g` kwenye mashine ya miaka ya karibuni, umeshapata jibu.

Kwenye simu za Android, fungua mipangilio ya WiFi na uguse jina la mtandao uliounganika. Nyingi huonyesha kasi ya muunganisho na aina ya usalama, ingawa mara nyingi hazisemi kama ni TKIP au AES. Kasi ndiyo ya kukuongoza: 54 isiyotikisika ukiwa karibu na ruta ni ishara nzuri kuliko jina. iPhone haionyeshi kasi, lakini huandika `Weak Security` chini ya jina la mtandao unaotumia WEP au TKIP. Watu wengi wameishi na maandishi hayo miaka wakidhani simu inalalamikia nenosiri fupi.

Kwenye Linux, amri hii inaonyesha kile ambacho ruta inatangaza:

```
nmcli -f SSID,RATE,WPA-FLAGS,RSN-FLAGS device wifi list
```

Ukiona `pair_tkip` bila `pair_ccmp`, ruta haitoi AES kabisa. Ukiona vyote viwili, iko kwenye hali ya mchanganyiko, na hiyo inastahili swali lake.

Ruta imewekwa mchanganyiko wa TKIP na AES. Je, hiyo inatosha?

Ni bora kuliko TKIP peke yake, na kwa kasi huenda usione tofauti siku nyingi. Katika hali hiyo ruta inatangaza njia zote mbili na kila kifaa kinachagua. Simu mpya itachagua AES na kupata kasi yake yote. Kifaa cha zamani kitachagua TKIP na kubaki kwenye 54. Kizuizi kinamhusu aliyechagua TKIP, si mtandao mzima.

Lakini kuna mambo mawili yanayonifanya niikatae kama makazi ya kudumu. La kwanza, si kila kifaa huchagua vizuri. Laptopu iliyounganishwa zamani, wakati ruta ikiwa TKIP tupu, inaweza kuwa imehifadhi TKIP katika kumbukumbu zake na kuendelea kuiomba. Hapo unapata nyumba ambayo simu inapaa na laptopu mezani palepale imekwama, na mtu anaishia kubadilisha kadi ya WiFi isiyo na kosa lolote.

La pili ni la usalama. Ruta ina ujumbe ambao hutumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja, na ujumbe huo lazima ufungwe kwa njia ambayo hata kifaa dhaifu kuliko vyote kinaielewa. Kwa hiyo kwenye mchanganyiko, ujumbe wa wote unafungwa kwa TKIP, hata kama kila kifaa ulicho nacho kinajua AES.

Menyu ina majina mengi. Nichague lipi?

Maneno hutofautiana kati ya ruta na ruta, lakini utakutana na kitu cha namna hii: `WEP`, `WPA-PSK [TKIP]`, `WPA2-PSK [AES]`, `WPA-PSK [TKIP] + WPA2-PSK [AES]`, na kwenye ruta mpya `WPA2/WPA3-Personal` na `WPA3-Personal`.

Kama ruta haina WPA3, chagua `WPA2-PSK [AES]` na usitazame nyuma. Kama inayo, chagua `WPA2/WPA3-Personal`: vifaa vipya vitatumia WPA3, vingine vitatumia WPA2, na TKIP haimo. Baadhi ya ruta hugawanya chaguo katika visanduku viwili, kimoja cha toleo na kingine cha njia ya kufunga. Hapo weka `WPA2` kwenye cha kwanza na `AES` kwenye cha pili. Jihadhari na neno `Auto`: kwenye ruta nyingi maana yake ni mchanganyiko ule ule.

Nibadilisheje bila kujifungia nje?

Tumia kebo ukiweza. Ukibadilisha ulinzi ukiwa kwenye WiFi, muunganisho wako utakatika pale unapobonyeza kuhifadhi. Si hatari, utaunganika tena, lakini kebo inakupunguzia jasho endapo utakosea herufi ya nenosiri.

Tafuta anwani ya ruta. Kwenye Windows andika `ipconfig` na usome mstari wa `Default Gateway`. Mara nyingi ni `192.168.0.1` au `192.168.1.1`. Iandike kwenye kivinjari, ingia kwa jina na nenosiri la msimamizi, ambayo aghalabu yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Nenda sehemu ya `Wireless`, kisha `Wireless Security`. Kabla ya kugusa, piga picha ukurasa huo kwa simu. Badilisha, hifadhi, subiri nusu dakika vifaa virudi.

Halafu kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko yote: ruta ya mawimbi mawili ina kurasa mbili. Gigahezi 2.4 ina mipangilio yake na gigahezi 5 ina yake. Mtu anabadilisha wa kwanza, anafurahi, na ule wa pili unabaki na TKIP. Hakikisha kurasa zote mbili, na ukurasa wa mtandao wa wageni kama umewashwa.

Nibadilishe na nenosiri?

Ukitoka TKIP kwenda AES, si lazima. Nenosiri la WPA na WPA2 lina kanuni ileile ya herufi 8 hadi 63, na ukiliacha lilivyo vifaa vingi vitarudi vyenyewe bila kuulizwa kitu.

Ukitoka WEP, badilisha, tena kabisa. Ufunguo wa WEP una urefu maalumu, herufi 5 au 13, au tarakimu 10 au 26 za mfumo wa kumi na sita. Ule wa herufi 13 ungekubalika kama nenosiri la WPA2, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu aliyeupata ufunguo wako kwa kusikiliza hewa ataingia kwenye mtandao mpya bila jasho.

Nimebadilisha, sasa laptopu inakataa kuunganika.

Imeshikilia kumbukumbu ya zamani. Windows huhifadhi kwa kila mtandao jina, nenosiri na njia ya kufunga, na ikikuta ruta haitoi tena TKIP inaweza kusema haiwezi kuunganika, bila kueleza kwa nini. Ifanye isahau mtandao kisha uunganishe upya kama mgeni. Kwa amri ni hivi, ukiweka jina la mtandao wako:

```
netsh wlan delete profile name="JinaLaMtandao"
```

Kwenye simu, gusa mtandao na uchague kusahau. Printa nazo mara nyingi hutaka kupitishwa tena kwenye hatua za kuunganisha kwa vitufe vyake. Panga nusu saa ya kazi hiyo, usianze dakika kumi kabla ya kuhitaji kuchapisha.

Nina printa ya zamani inayojua WEP au TKIP tu. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha kwamba kweli haijui. Vifaa vingi vinavyosemwa kuwa ni vya TKIP vinajua AES, ila viliunganishwa zamani na havijaulizwa tena. Visahaulishe mtandao, uviunganishe upya kwenye WPA2 na AES, uone. Angalia pia kama mtengenezaji ametoa sasisho la programu yake ya ndani.

Kama imekataa kabisa na ina tundu la kebo, ichomeke kwenye ruta kwa kebo. Hilo ndilo suluhisho ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaondoa tatizo bila kuacha mlango wazi. Ikiwa haina tundu, ruta nyingi zinaruhusu mtandao wa pili wenye jina na ulinzi wake. Ufungue kwa ajili ya kifaa hicho tu, kwa TKIP na nenosiri tofauti, na uwashe kile kipengele kinachozuia vifaa vya mtandao huo kufikia vya mtandao mkuu. Bila shaka kwa printa kizuizi hicho kinaweza kukufanya ushindwe kuchapisha kutoka kwenye laptopu, kwa hiyo kinafaa zaidi kwa kifaa kinachohitaji intaneti tu.

Kwa kamera ya ulinzi inayojua WEP peke yake, msimamo wangu ni mkali: iondoe. Picha za ndani ya nyumba hazifai kupita kwenye kufuli linalofunguka kwa dakika moja.

WiFi yangu hukatika kwa vifaa vyote kama dakika moja, kisha inarudi. Hilo nalo linahusiana?

Linaweza, na watu wachache wanalijua. TKIP ina kipimo kifupi cha kuthibitisha kwamba pakiti haikuchezewa njiani. Waliokibuni walijua ni dhaifu, kwa hiyo wakakiwekea mlinzi: ruta ikiona pakiti mbili zilizofeli kipimo hicho ndani ya sekunde 60, inachukulia kuwa inashambuliwa na kusimamisha mawasiliano ya TKIP kwa sekunde 60. Kifaa chenye draiva mbovu kinaweza kuchochea hali hiyo bila mshambuliaji yeyote. Tafuta kwenye kumbukumbu za ruta maneno kama `MIC failure` au `TKIP countermeasures`. Ukiyakuta, ukihamia AES tupu kukatika huko kunaisha, kwa sababu AES haina mlinzi wa namna hiyo wala haimhitaji.

Nikiondoa ulinzi kabisa, kasi itapanda?

Ndiyo, kama ulikuwa kwenye TKIP. Mtandao usio na nenosiri haukatazwi kasi za 802.11n. Kama kipimo cha dakika mbili kinafaa: ondoa ulinzi, pima, rudisha. Kasi ikiruka, una uhakika kwamba tatizo ni njia ya kufunga. Lakini usiache hivyo. AES inakupa kasi hiyohiyo, kwa hiyo hakuna unachopata kwa kubaki wazi.

Nimeweka AES, bado ni 54. Kuna nini kingine?

Rudi kwenye mipangilio ya ruta na utafute `WMM`. Ni kipengele cha kupanga foleni ya pakiti, na 802.11n inakihitaji. Kikizimwa, matokeo yanafanana na ya TKIP kama pacha: 54 palepale. Watu hukizima kwa kufuata ushauri wa zamani wa kuongeza kasi, na kinachotokea ni kinyume.

Kisha angalia hali ya redio. Ikiwa imewekwa `11g only` au `b/g mixed`, iweke ile inayojumuisha n. Mwisho kabisa angalia kifaa chenyewe: adapta ndogo ya USB ya miaka mingi iliyopita inaweza kuwa ya 802.11g, na hiyo haina la kufanya zaidi ya 54.

Sasa inasoma 72, si 144. Nimekosea wapi?

Hujakosea. 72 ni kilele cha kifaa chenye antena moja kwenye chaneli ya kawaida ya megahezi 20, na simu nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Antena mbili hukupa 144, na chaneli ya megahezi 40 hukupa 300. Muhimu ni kwamba umeshavuka 54, maana yake kizuizi kimeondoka na sasa unapimwa na uwezo wa kifaa chako.

WPA3 itanipa kasi zaidi ya WPA2 yenye AES?

Kwenye gigahezi 2.4 na 5, hapana. Faida ya WPA3, iliyotoka mwaka 2018, ni ulinzi: mtu aliyerekodi namna ulivyoingia hawezi kwenda kukaa nyumbani akibahatisha nenosiri lako mamilioni ya mara kwa kompyuta. Kasi inahusika mahali pamoja tu. Wimbi la gigahezi 6 halikubali WPA2, kwa hiyo ruta na simu zenye uwezo huo zinahitaji WPA3 ili kulitumia na nenosiri.

Ukiweka `WPA3-Personal` tupu na kifaa fulani kikapotea, usirudi nyuma hadi TKIP kwa hasira. Rudi hatua moja, kwenye `WPA2/WPA3-Personal`. Kuna vifaa vichache vinavyobabaishwa hata na mchanganyiko huo. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo, baki na `WPA2-PSK [AES]`.

Jirani yangu bado anatumia TKIP. Ananipunguzia mimi?

Njia yake ya kufunga haikuhusu, lakini hewa ni moja. Kifaa chake kikirusha kwa 54 bila kufunga pakiti kwa mafungu, kinashika chaneli muda mrefu zaidi kwa data ileile, na ukiwa kwenye chaneli hiyo unasubiri. Hama chaneli, au tumia gigahezi 5. Au mgongee mlango umwonyeshe ile amri ya `netsh`.